Rekodi Saba za Bibi

Mama mdogo ni fundi cherehani, ana kibanda chake Ngamiani, Tanga. Mwaka 2021, bibi alipoanza kusahausahau, mama mdogo alikuwa akifunga kibanda mapema, anakwenda kukaa naye barazani. Anaweka simu juu ya mkeka katikati yao, anabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi, kisha anamuuliza mambo ya zamani na kumwacha aongee. Bibi alitaja babu zake mmoja mmoja, nani alizaliwa Pangani, nani alivuka bahari, nani alizikwa wapi. Rekodi zilifika saba, nyingi zao za kama dakika arobaini. Mwaka uliofuata bibi akafariki.

Simu ile ilidumu miaka mingine hadi kioo kikapasuka na tundu la chaji likalegea. Mama mdogo akanunua mpya, akaniita nimhamishie vitu vyake. Nilikwenda jioni moja. Kwenye simu ya zamani nikaingia sehemu ya bekapu, nikabonyeza "Back up now", nikasubiri mpaka ikaandika kwamba imekamilika. Simu mpya iliponiuliza nataka kuleta vitu kutoka wapi, nikachagua wingu, yaani ile hifadhi ya mtandaoni ya akaunti yake ya Google. Waya sikuutumia kwa sababu tundu lilikuwa bovu.

Baada ya saa moja hivi kila kitu kilionekana kiko mahali pake. Ujumbe mfupi ulirudi, WhatsApp ikarudi na mazungumzo yake, picha za harusi ya binti yake zikaanza kufunguka moja baada ya nyingine. Mama mdogo alizipitia akifurahi. Nikamwambia vyote vimefika. Kisha nikashika simu ya zamani, nikabonyeza "Erase all data", kwa kuwa asubuhi ilikuwa inakwenda kwa muuza simu aliyekubali kumpunguzia bei.

Siku ya nne akanipigia. "Mwanangu, sauti za mama umeziweka wapi?"

Nilimwambia afungue programu ya kurekodi. Akanijibu ameshaifungua, ipo palepale ilipokuwa, lakini ndani hamna kitu. Hapo ndipo nilipoelewa nilivyodanganyika. Nilikuwa nimeona alama ya programu imerudi, nikachukulia kwamba na vilivyomo vimerudi.

Bekapu ya Android hubeba mizigo inayojulikana. Hubeba mipangilio ya simu, ujumbe mfupi, kumbukumbu za simu zilizopigwa, na orodha ya programu ulizokuwa nazo ili zishushwe upya. Kila programu huruhusiwa pia kupeleka data zake kidogo, mwisho MB 25, na hata hizo ni pale tu mtengenezaji wake aliporuhusu. Picha na video hazisafiri humo. Zina njia yake, Google Photos. Faili la sauti halimo kwenye njia hiyo, kwa sababu Google Photos haipokei sauti. Rekodi za bibi zilikuwa faili za kawaida ndani ya folda ya simu, na wala hazikuwa zimewekwa pengine popote. Kwa hiyo simu iliponiandikia kwamba bekapu imekamilika ilisema kweli: ilikuwa imemaliza kubeba kile inachobeba.

Tulikimbilia dukani. Simu bado ilikuwepo, haijauzwa, nami nikajipa moyo, maana nilikuwa nimesikia kwamba kitu kilichofutwa kinaweza kufukuliwa. Fundi wa pale, kijana mpole, akatuketisha na kutueleza. Zamani kufuta kulikuwa kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: kurasa zenyewe zilibaki, na mwenye vifaa aliweza kuzisoma. Simu za miaka hii huandika kila kitu kwa mafumbo, na ufunguo wa mafumbo hayo umo ndani ya simu yenyewe. Ukiirudisha simu ilivyotoka kiwandani, kinachoharibiwa ni ule ufunguo. Hata kama faili bado zimelala kwenye chipu, hakuna wa kuzisoma, awe yeye, awe mtaalamu wa ng'ambo. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akatoka nje kabla yangu.

Wiki hiyohiyo likajitokeza la pili. Wateja walikuwa wakipiga simu na majina hayaonekani. Nilipohesabu, majina yaliyofika yalikuwa 112, naye alikuwa na zaidi ya 300. Unapohifadhi jina jipya, simu huliweka kwenye akaunti ya Google, au kwenye laini, au kwenye simu yenyewe, na wengi wetu hatuangalii imechagua wapi. Yale ya kwenye akaunti yalikuja. Yale ya kwenye simu hayakuja, kwa kuwa ile swichi iitwayo "Also sync device contacts" haikuwa imewashwa. Na mama mdogo alikuwa na tabia ya kuandika vipimo vya mteja palepale chini ya jina lake: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ilimbidi awapime upya wanawake aliowashonea miaka kumi.

Lingeweza kugundulika kwa dakika mbili, laiti ningehesabu majina katika simu zote mbili kabla ya kufuta. Ukilifungua jina moja na kushuka chini, simu nyingi zitakuonyesha limewekwa wapi. Rekodi nazo zilihitaji jambo moja tu: kuingia kwenye programu ya mafaili, sehemu ya sauti, kuzichagua zote saba na kuzipandisha Google Drive. Dakika moja ya sauti ya namna ile huchukua kama MB moja, kwa hiyo zote saba hazikufika hata MB 300, na akaunti ya bure ina GB 15. Kisha kuzifungua katika simu mpya na kusikiliza, siyo kuona jina la faili tu.

Siku hizi nikimhamishia mtu simu, simuulizi ana picha ngapi. Namwomba ashike simu ya zamani anionyeshe anachofungua Jumatatu hadi Jumapili, na kila anachokifungua tunakitafuta katika ile mpya, tunaingia mpaka ndani. Simu ya zamani haifutwi. Inazimwa, inawekwa kabatini na chaja yake mwezi mzima, maana kinachokosekana hakijulikani mpaka siku kinapohitajika. Kwetu ilikuwa siku ya nne. Kama imeshaahidiwa kwa muuzaji, muuzaji asubiri.

Rekodi moja ilipatikana. Mjomba anaishi Maskati, na bibi alipokuwa hai mama mdogo alimtumia moja kwa WhatsApp amsikie mama yao. Ilikuwa bado imo kwenye simu yake. Aliirudisha usiku uleule tulipomwambia, nami nikaiweka Drive, kwenye kadi ya kumbukumbu, na kwenye simu ya binti wa mama mdogo. Ni ile ya tatu, dakika 38. Inaanza na mlio wa cherehani ya jirani, kisha bibi anauliza kama kile kidude kimeshawaka. Anafika kwa babu yake wa nne, anasema wa tano atamtaja kesho.