Kukiri Makosa ni Alama Ngapi?

Fikiria umepewa karatasi mbili usahihishe. Ya kwanza inasema: "Nilipoanza kozi hii nilikuwa na kiburi. Nilidhani najua kuandika. Sasa nimejifunza kunyenyekea na kusikiliza, na mimi si yule mtu wa zamani." Inaendelea hivyo ukurasa mzima. Ya pili ina mistari michache tu: "Nadhani sasa naanza makala haraka zaidi. Bado mwisho unanishinda." Pembeni kuna nafasi ya kuweka alama, na mwongozo wa kusahihisha unasema: ukweli na uwazi katika kujitathmini, alama 20. Utampa nani ngapi?

Nauliza manake hii ndiyo kazi niliyoifanya mwaka jana. Programu ndogo ya kufunza vijana kuandika makala hapa Nairobi ilinitafuta nisaidie kusahihisha potifolio za wanafunzi 14. (Ndiyo, mimi niliyetoka chuo mwaka wa pili bila karatasi yoyote. Walitaka mtu anayelipa rent kwa kuandika, si mtu wa digrii.) Kila potifolio ilikuwa faili lenye vitu vitano: rasimu ya kwanza ya makala, rasimu ya pili ikiwa na maoni ya mwalimu pembeni, rasimu ya mwisho, kipande kifupi kilichoandikwa darasani kwa saa moja bila msaada, na ukurasa wa kujitathmini. Kazi yenyewe ilikuwa na alama 50, ukuaji 30, kujitathmini 20. Wawili wa kwanza wangepata nafasi ya kuandika kwa malipo kwa miezi mitatu, kwa hivyo hizi hazikuwa alama za kubandika kwenye friji.

Zile 50 hazikunisumbua. Makala nzuri ukiisoma unaijua. Zilizoninyima usingizi ni zile 20.

Sisi tuliosoma hapa ni watoto wa mwongozo wa kusahihisha. Kwenye insha tulifundishwa kwamba methali ina alama, tamathali ina alama, na jogoo akiwika mwanzoni hadithi inapendeza. Basi tukakariri jogoo. Nchi nzima ilikuwa na watoto wanaoamshwa na jogoo, hata wale wa fleti ya orofa ya tano Umoja. Sasa ukimwambia mtoto huyo huyo kwamba kukiri udhaifu kuna alama 20, atafanya nini? Atakuletea udhaifu. Atakuletea kiburi kilichovunjika, machozi kidogo, na mtu mpya katika aya ya mwisho. Si lazima awe mwongo. Amesikia ushuhuda mwingi maishani mwake na anajua unavyokwenda: nilikuwa hivi, likatokea hili, sasa niko hivi. Huo ni umbo tu, na mtu huweza kulijaza umbo hilo kwa ukweli au kwa hewa. Msomaji wa karatasi hana njia ya kujua kwa kusikiliza sauti.

Kuna upande mwingine wa shida hii. Mwaka 1999 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Justin Kruger na David Dunning, walichapisha utafiti ambao umekuwa utani mtandaoni, lakini namba zake hazichekeshi. Waliwapa wanafunzi mitihani kisha wakawauliza: unadhani umewashinda wenzako wangapi? Wale wa robo ya chini kabisa kwa wastani walikuwa wamewashinda watu 12 katika kila 100. Wao walikadiria 62. Hawa hawakuwa wakidanganya. Ujuzi unaohitajika kuandika sentensi nzuri ndio huo huo unaohitajika kuona kwamba sentensi yako ni mbaya; ukiukosa, umekosa vyote viwili. Uongo unataka mtu ajue kweli kisha aifiche. Anayejipa 80 akistahili 40 huenda ni mkweli kuliko wote darasani. Amekosea tu.

Kwa hivyo neno "ukweli" kwenye ule mwongozo lilikuwa limebeba vitu viwili: nia ya mtu, na usahihi wa anachosema. Nia siioni. Usahihi naweza kuufuata, kwa sababu faili liko mbele yangu.

Nilianza na faili la buluu, lile la ushuhuda. Nilichukua penseli nikapigia mstari kila sentensi ambayo ningeweza kuikagua kwa kufungua rasimu. "Nimejifunza kunyenyekea" haikaguliki. "Sasa nasikiliza" labda, lakini amsikilize nani, wapi? Ukurasa mzima ulinipa sentensi mbili tu za kukagua. Moja ilisema: "Nimepunguza maneno yasiyo na kazi." Nikafungua rasimu ya pili. Mwalimu alikuwa amekata "kwa kweli" katika aya ya pili na ya tano, akaandika pembeni: halina kazi hapa. Katika rasimu ya mwisho hizo mbili zimeondoka. Lakini "kwa kweli" nyingine nne, ambazo mwalimu hakuzigusa, bado zimekaa pale pale. Na kwenye kile kipande cha darasani kuna tatu.

Hapo ndipo pa kutazama. Kosa likirekebishwa mahali lilipowekewa alama, umeona utiifu. Ukuaji unautafuta mahali ambapo kalamu ya mwalimu haikufika: kosa la aina ile ile katika aya nyingine, na katika kazi mpya iliyoandikwa mwalimu akiwa mbali. Ukilinganisha rasimu ya kwanza na ya mwisho peke yake, unaweza kumpa mwanafunzi alama za mwalimu wake bila kujua. Wazazi wa CBC wanaelewa ninachosema. Wengi wamekesha wakikata na kubandika, asubuhi mtoto akabeba faili linalomeremeta.

Faili la kahawia lilikuwa la yule wa mistari michache. "Naanza makala haraka zaidi." Makala yake ilihusu wauza maji kwa mkokoteni Kayole. Rasimu ya kwanza ina aya tatu za maji ni uhai, maji ni haki, kabla hujamwona mtu yeyote. Katika rasimu ya mwisho, sentensi ya kwanza ni jamaa anapakia mitungi ya lita 20 kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Sawa, hapo mwalimu alikuwa amemwambia. Lakini darasani walipewa mada ya foleni, na sentensi yake ya pili tayari iko ndani ya foleni, mama mmoja akibishana na askari wa mlangoni. Hakuna aliyemshika mkono pale. Dai lake limesimama. "Mwisho unanishinda" nalo limesimama, tena kwa kishindo: kila kipande kinaishia kwa kuitaka serikali iingilie kati, hata kile cha foleni.

Mwisho wa ukurasa kulikuwa na swali: ungejipa ngapi kwa jumla? Aliandika 55. Hesabu yetu ilimpa 68. Hilo sikulikata alama. Wengi wetu tumelelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, na namba anayojipa mtu hukueleza zaidi jinsi alivyolelewa kuliko anachokijua kuhusu kazi yake.

Je, mtu akidanganya kwa ushahidi wenyewe? Yuko aliyejaribu, nadhani. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa mbaya ajabu: r na l zimebadilishana, koma hazipo, maneno yameunganishwa. Rasimu ya mwisho safi kama sahani. Lakini uandishi mbaya wa kweli huwa mbaya kwenye mifupa. Aya zinagongana, nukuu iko mahali si pake, mwandishi hajui bado anasema nini. Hii ilikuwa mbaya kwenye ngozi tu. Mpangilio wa aya ulikuwa ule ule wa rasimu ya mwisho, hadi nukuu ya kufungia. Bado hiyo haitoshi kumshuku mtu, maana wapo wanaofikiri vizuri na kuandika tahajia vibaya. Nikaangalia kipande cha darasani, saa moja, kwa mkono: r na l zote ziko mahali pake. Hatukumwita mwongo. Tulipima ukuaji wake kuanzia rasimu ya pili, na haukuwa mwingi.

Ambaye mfumo huu haukumtendea haki ni binti mmoja aliyekuja akiwa mzuri na akatoka akiwa mzuri. Alama 30 za ukuaji zitampataje mtu ambaye hakuwa na pa kupanda? Sina jibu la kuridhisha. Alipata 14.

Tulisahihisha wawili, mimi na mwalimu wao, kila mtu peke yake. Hiyo ni lazima. Jimbo la Vermont, Marekani, lilipoanza kutumia potifolio shuleni, watafiti wa RAND wakiongozwa na Daniel Koretz waliripoti mwaka 1992 kwamba wasahihishaji wawili walikuwa wakiipa kazi moja alama zinazotofautiana sana. Sisi tulitofautiana hasa kwenye faili la buluu. Mwalimu alitoa 17. Mimi nilitoa 6.

"Kijana wangu," akaniambia, "huyu msichana amefungua moyo wake hapa. Unaona ameandika mpaka mambo ya babake. Utampa sita?"

"Mwalimu, sijaupa moyo wake sita. Nimeipa karatasi."

"Yeye atakaporudishiwa hii, ataona tofauti hiyo?"

Nilinyamaza kidogo, manake lilikuwa swali la haki. Msichana ameandika kuhusu kifo nyumbani kwao, halafu karatasi inarudi na 6/20 kwa wino mwekundu. Hakuna namna ya kuisoma hiyo isiyouma. Lakini nilimwambia Mwalimu kwamba 17 ina tatizo lile lile. Kama hatuna haki ya kupima uchungu wa mtu na kuupa sita, basi hatuna haki ya kuupima na kuupa kumi na saba. Na yule wa kahawia, ambaye hakutuletea msiba, angekuwa ameshindwa na msiba wa mwenzake.

Tulichokubaliana ni kufuta neno ukweli kwenye mwongozo. Badala yake tukaandika: madai yanayoweza kuonyeshwa ndani ya faili. Sehemu ya babake hatukuiwekea alama yoyote. Mwalimu aliandika chini yake maneno mawili ya pole. Kisha tukampa kila mwanafunzi dakika kumi za kuzungumza, na swali moja: tuonyeshe sentensi ambayo ungeiandika tofauti leo.

Msichana wa faili la buluu alifungua rasimu ya mwisho, akapita aya ambazo ningedhani angesimama, akaweka kidole kwenye aya ya nne. "Hii," akasema. "Nilinakili vile Mwalimu aliniandikia. Sikuwa nimeelewa ni kwa nini." Mwalimu akaangalia pembeni ya rasimu ya pili. Ni kweli, maneno yalikuwa yake, neno kwa neno. Tukabadilisha 6 ikawa 11.