Fungu lisilopiga kelele

Kaeni, viti vipo. Nimewaita Fort Ternan badala ya Kisumu kwa sababu wengi wenu mmeshuka kutoka kwenye majani chai ya Kericho na Bomet, na hapa ndipo tunapoweza kukutana na wale wa Muhoroni. Jengo letu liko Kisumu, lakini wenye nyumba wametapakaa. Na mimi magoti yangu hayataki tena safari ndefu.

Hii ni mara ya nne nasimama mbele yenu na karatasi ya bajeti ya mwaka. Mara tatu zilizopita mlitazama mstari wa mwisho tu, mkaniuliza, "Mzee, mbona savisi chaji imepanda?" Leo nawaomba tusianze na mstari wa mwisho. Karatasi hii ina mafungu manne makubwa, na hayafanani hata kidogo. Mkiyachanganya mtafanya kosa lile lile tulilofanya pamoja, ambalo nililitia sahihi kwa mkono wangu.

Fungu la kwanza ni usafi, shilingi 600,000 kwa mwaka. Hilo ni la watu zaidi kuliko sabuni. Wafagiaji wetu wawili hupata 18,000 kila mmoja kwa mwezi, nayo kwa mwaka inafika 432,000. Michango yetu kama waajiri, pamoja na mtu wa kushika nafasi wanapokwenda likizo, ni 48,000. Kuzoa taka ni 5,000 kwa mwezi. Sabuni, dawa, mifagio na glavu ni 5,000 nyingine. Anayesema tupunguze usafi hadi nusu anasema tumwachishe kazi mtu mmoja, basi aseme hivyo waziwazi, na ataje nani atakayepiga deki ngazi za ghorofa sita peke yake.

La pili ni ulinzi, 900,000. Hili ndilo hunichosha kulieleza, kwa sababu mnaona geti moja na askari mmoja, mnahesabu mshahara wa mtu mmoja. Geti halilali. Saa 24 ni zamu mbili za saa kumi na mbili, kwa hiyo tayari ni watu wawili. Tena sheria ya kazi inampa kila mmoja siku ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku hizo lazima mwingine asimame pale. Kampuni inatuletea yule wa kubadilishana, na gharama yake imo ndani ya 30,000 tunazotozwa kwa kila zamu kwa mwezi. Ongeza VAT ya asilimia 16, inakuwa 34,800. Mara mbili, mara miezi kumi na miwili, ni 835,200. Kilichobaki ni taa za uani na matengenezo ya kamera. Ukiona kampuni inakuja na bei ya chini sana, uliza mshahara wa askari utakuwa kiasi gani na atapumzika siku gani. Askari anayefanya siku saba hulala saa tisa za usiku, na sisi tutakuwa tumelipia usingizi.

La tatu ni utunzaji wa lifti, 240,000. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo mliponielewa vibaya.

Fundi wa lifti huja kila mwezi kwa mkataba wa 12,000, na VAT juu yake. Nimesimama naye nikitazama anachofanya. Anasafisha na kupaka mafuta reli ambazo chumba cha lifti hupanda juu yake, anapima breki, anakagua kama chumba kinasimama sawasawa na sakafu, kisha anakaa muda mrefu kwenye milango. Aliniambia hitilafu nyingi anazoitiwa huanzia mlangoni, na akanionyesha kwa nini: ule mfereji mwembamba wa chuma ambao mlango huteleza ndani yake ulikuwa umejaa mchanga na ganda la njugu. Mfagiaji alikuwa akifagia korido kuelekea lifti. Na akipiga deki, maji yalikuwa yakipenya mfereji ule na kushuka hadi shimoni chini, ambako kuna springi na nyaya. Tangu siku ile tumemwonyesha afagie kutoka kwenye lifti kwenda nje, na afute pale kwa kitambaa kilichokamuliwa. Hilo halikutugharimu hata senti.

Mara mbili kwa mwaka, kila miezi sita, huja mkaguzi aliyeidhinishwa chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007. Huyo si fundi wetu, wala hafai kuwa fundi wetu, maana hakuna mtu anayekagua kazi yake mwenyewe akaiona mbaya. Malipo ya mkataba, ukaguzi na vifaa vidogo kama vitufe na balbu ndivyo vinavyofanya zile 240,000.

Sasa sikilizeni kisichokuwemo. Mkataba wetu ni wa huduma tu. Haumo ndani yake ununuzi wa kamba za chuma, wala mota, wala ubao wa umeme unaoiendesha. Ipo mikataba inayobeba vifaa pia, ila bei yake ni kubwa, na bado ina orodha ya vitu isivyovibeba. Someni orodha hiyo kabla ya kusoma bei. Kwa hiyo lifti inaweza kuhudumiwa kila mwezi bila kukosa, na siku moja ikahitaji fedha ambazo hazimo kabisa katika fungu la lifti. Fedha hizo hukaa kwenye fungu la nne.

Fungu la nne ni mfuko wa akiba. Mama mmoja wa Litein aliniuliza mwaka jana, "Mzee, kama ni akiba, si zikae kwangu mpaka zihitajike?" Swali la haki. Mama, wewe una chai. Kila baada ya miaka mitatu au minne unaipogoa, na kwa miezi kadhaa shamba hilo halina jani. Hushangai, kwa kuwa mwaka ulipopogoa unaujua. Jengo nalo lina miaka yake ya kupogolewa, tofauti ni kwamba shamba hili lina wenyewe 24, na siku ikifika hawatakuwa wote na pesa mfukoni.

Hesabu yake haina uganga. Unaandika kitu kitakachochakaa, bei ya kukibadilisha leo, na miaka iliyobaki, unagawanya. Lifti yetu ina miaka 10. Mafundi hukadiria lifti kama hii ikae miaka 20 hadi 25, nasi tumechukua 12 iliyobaki. Kuibadilisha leo tumeambiwa ni shilingi milioni sita, kwa hiyo ni 500,000 kwa mwaka. Kuzuia maji paani ni 900,000, miaka sita imebaki: 150,000. Rangi ya nje ni 800,000, miaka minne: 200,000. Pampu ya maji ni 150,000, miaka mitatu: 50,000. Jumla 900,000 kwa mwaka.

Bei hizo hazitakaa hapo. Vifaa vya lifti hutoka ng'ambo, na mliona Januari 2024 dola ilivyofika karibu shilingi 160, kisha ikarudi kuelekea 130. Ndiyo maana hesabu hii tutaifanya upya kila mwaka.

Nimesema tulikosea. Miaka mitatu iliyopita mfuko huu ulikuwa na 1,100,000. Wenye nyumba sita walikuwa nyuma kwa michango. Kampuni ya ulinzi ikatuandikia kwamba itawaondoa askari ndani ya siku saba. Tukachukua akiba tukalipa, tukasema tutarudisha. Mwezi uliofuata tukafanya hivyo tena. Paa halikuandika barua. Kamba za lifti hazikuandika barua. Mafungu matatu ya kwanza yana watu ndani yake, na watu hudai. Hili la nne halina wa kulisemea, ndiyo maana huliwa kwanza.

Kisha lifti ikaanza kusimama chini kidogo ya sakafu, upana wa kidole. Fundi alinipandisha chumba cha mashine. Kwenye kamba kulikuwa na unga mwekundu kama kutu, na nyuzi zilizokatika zimesimama kama miiba. Gurudumu linalozivuta lilikuwa limelika, kamba zimezama ndani ya mifereji yake. Bei ilikuwa 680,000, na mfuko ulikuwa mtupu. Lifti ilikaa imezimwa miezi minne, na bibi wa ghorofa ya tano, mwenye miguu mibaya kuliko yangu, hakushuka kwenda kanisani muda huo wote. Hatimaye tuliwatoza kwa mkupuo, 25,500 kwa nyumba ndogo na 34,000 kwa kubwa, na mnakumbuka maneno tuliyoambiana.

Jumla ya mafungu haya manne ni 2,640,000. Bima, umeme wa ngazi na ukaguzi wa hesabu viko ukurasa wa pili, leo sivigusi. Ugawaji hauendi kwa vichwa. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka kila mmoja achangie kwa kadiri ya sehemu yake. Nyumba ndogo 16 zina sehemu tatu kila moja, kubwa nane zina nne. Jumla ni 80, na kila sehemu ni 33,000. Ndogo ni 99,000 kwa mwaka, yaani 8,250 kwa mwezi. Kubwa ni 132,000, yaani 11,000.

Kijana wa ghorofa ya chini, nimekuona umeinua mkono. Najua utasema hupandi lifti. Ni kweli. Na yule wa juu hatumii ukuta wa uani unaokukinga wewe. Lifti ni mali yetu sote, na mnunuzi atakapokuja kuitazama nyumba yako, atauliza kama inafanya kazi.

Wenye chai, msiniambie mtangoja bonasi ya Oktoba huku askari akingoja mwisho wa mwezi. Ikifika hiyo bonasi, lipeni mwaka unaofuata wote kwa mara moja. Hilo litatusaidia kuliko chochote.

Ninachoomba leo ni kura moja. Akiba ihamie akaunti yake yenyewe, na kutoa fedha humo kuhitaji sahihi tatu, moja ikiwa ya mwenye nyumba asiye kwenye kamati. Anayekaa nyuma kwa mchango tumfuate yeye, tusiufuate mfuko. Nimewaletea fomu za benki, na nafasi ya sahihi ya tatu iko wazi. Mama wa Litein, nilikuwa nafikiria jina lako.