Kimya cha Shangazi

Nilimuuliza shangazi, mbele ya kamera ya simu, kama amemsamehe kaka yake aliyeuza shamba la mama yao bila kumwambia. Alikaa kimya sekunde 7. Akatazama mlango, akameza mate, halafu akasema, "Nimemsamehe."

Nilikuwa na dakika 14 za mahojiano. Familia ilitaka 3 tu, za kutuma kwa kikundi. Basi nikaanza pale kila mwanagenzi huanzia: kutoa kimya. Kwenye programu ya kuhariri, sauti huchorwa kama milima, na penye ukimya mstari hulala. Unakata pale unapolala, lakini unaacha kama robo sekunde kabla ya neno linalofuata, la sivyo herufi ya kwanza inamezwa. Nikakata "eeh" zote, kikohozi, na pikipiki iliyopita nje. Nikakata na zile sekunde 7.

Shangazi aliitazama mara mbili. "Maneno ni yangu," akasema, "lakini sikuyasema hivyo."

Alikuwa na haki. Kwenye video yangu jibu lilitoka swali halijapoa. Msamaha uliomchukua miaka ulisikika kama kuitikia hodi. Sikuongeza hata neno moja, na bado nilikuwa nimemsingizia.

Tangu hapo, kabla ya kukata kimya, nakitazama bila sauti. Kama uso umengoja tu, nakata. Kama uso unafanya kazi, hicho si kimya kitupu, ni sehemu ya jibu.

Mikato nayo ina swali lake. Ukitoa kipande katikati na kamera haijasogea, kichwa kinaruka ghafla. Njia rahisi ya kuuficha mruko ni kuweka juu yake picha ya mikono, au kukuza kipande cha pili kidogo ili kionekane kimepigwa kutoka karibu zaidi. Nafanya hivyo anaposimulia habari za mvua na mavuno. Anapomtaja kaka yake, nauacha mruko uonekane. Ni kovu linalomwambia mtazamaji kwamba hapa kuna kitu kimeondolewa.

Hata maandishi ya chini nilikuwa nimeyasafisha. Shangazi alisema, "Alikuwa ananitumianga pesa." Mimi nikaandika "alikuwa akinitumia." Mtu asiyesikia angesoma mwanamke mwingine kabisa. Nikarudisha "ananitumianga," mistari isizidi miwili, na kila mstari ukae hadi mtu ausome bila haraka.

Video ya pili ilitoka dakika 3 na sekunde 40. Ilipofika kwenye kile kimya, binamu mmoja akaandika kwa kikundi: "Imekwama?"

Shangazi, ambaye huwa haandiki humo, akamjibu kwa sauti: "Haijakwama. Ngoja."