Nilikuwa Nataka Tu…

Ujumbe mfupi zaidi wa kuomba pesa ninaoujua una neno moja: "Uko?" Unaingia saa nne usiku, kutoka kwa mtu ambaye hamjaongea tangu Krismasi. Hataki kujua kama uko. Ukijibu "Niko," kinafuata "Poa. Nilikuwa nataka tu kukuuliza kitu…" halafu kimya. Wewe umebaki umeshika simu, unajua kila kitu na hujaambiwa chochote.

Swali langu ni la maadili, na linahusu kimya hicho. Ukishaelewa jambo ambalo mtu hakulisema, una deni gani kwake? Marafiki zangu wengi husema hakuna. "Kama anataka kitu si aseme, mimi si mganga." Ni jibu safi, lakini naona linakwepa kitu.

Tuanze na lugha yenyewe. Chukua hii: "Ungekuwa na elfu mbili hivi…" Sentensi ya -nge- ina miguu miwili. Wa kwanza ni hali, wa pili ni tendo: ungekuwa na elfu mbili, ungenisaidia. Sasa angalia ni mguu upi unaoachwa. Ni ule wa pili, ule ambao wewe ndiye mtendaji. Anayeomba anaweka hali mezani, halafu anakataa kukutia tendo mdomoni. "Nilikuwa nataka" inafanya ujanja mwingine: inasukuma haja nyuma, kwenye wakati uliopita. Ukikataa, humkatai mtu anayetaka sasa hivi, unamkatalia yule aliyekuwa anataka, na huyo kama alishapita. "Sijui kama utakuwa na nafasi Jumamosi" nayo inajivalisha nguo ya kutojua, kana kwamba shida ni kukosa habari tu.

Mwaka wa pili chuoni, kabla sijaondoka, tulisoma kitabu cha Penelope Brown na Stephen Levinson kuhusu adabu katika lugha, cha mwaka 1987. Mifano yao mingi ni ya Kiingereza, Kitamil na Kitzeltal, lugha ya Meksiko. Wanasema kuna namna ya kuomba ambayo muombaji hawezi kushikwa nayo. Ukimwambia "umeomba," anaweza kukana bila kusema uongo. Mwanafalsafa Paul Grice alikuwa ameshaeleza kabla yao kwamba maana inayodokezwa hufutika. Nikikwambia "humu ndani kuna baridi," naweza kuongeza "lakini usifunge dirisha," na sijajipinga. Niliposoma hayo nilimkumbuka shangazi yangu wa Likoni, ambaye anayajua yote na hajawahi kukanyaga darasa la isimu.

Mwezi wa tatu mwaka jana alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za kila mtu mmoja mmoja, alisema:

"Mwanangu, nilikuwa nikwambie… mvua zimeanza huku."

"Hata huku, shangazi."

"Eeh. Sasa lile paa la nyuma, walijua."

"Nalijua."

"Fundi kaja kuangalia. Kasema mabati sita. Ami yako kaleta mawili."

"Alhamdulillahi."

"Eeh. Basi ndio hivyo. Fundi yupo mpaka Jumamosi, baadaye ana kazi Lamu, na akenda huko si wa kurudi leo wala kesho. Haya baba. Tuombeane."

Na hakukata simu.

Hakuna sentensi hata moja hapo inayoomba. Lakini hebu hesabu. Idadi ipo: sita toa mawili. Siku ya mwisho ipo: Jumamosi. Aliyetangulia kutoa yupo, na ametajwa kwa sababu: ujue kwamba hubebeshwi mzigo wote, na ujue kipimo, kwamba mtu wa ukoo akitoa mawili hakuna atakayemcheka. Kilichokosekana ni kitenzi kimoja tu, na kitenzi hicho mwenyewe angekuwa mimi.

Hapo ndipo unapotofautisha dokezo na malalamiko ya kawaida, maana watu pia hulalamika tu, hasa mvua ikinyesha. Mtu anayepumua tu hakupi namba wala tarehe. Anakwambia paa linavuja, fundi ni mwizi, serikali ni hiyo hiyo, kisha anahamia kwa jirani. Mwenye haja anakupa vipimo. Ukibadilisha mada, mada inarudi. Na akiaga, haondoki. Ukiwa bado huna uhakika, kuna swali moja ambalo halimuumizi yeyote: "Na mmefikia wapi?" Kama ilikuwa habari tu, utapewa hadithi ndefu. Kama ni ombi, utasikia neno "tumebakisha."

Sasa kujibu. Jibu baya la kwanza ni lile tunalolidhania ni zuri, sisi watu wa Nairobi wenye haraka: "Shangazi, unataka nitume ngapi?" Umeimalizia sentensi yake kwa sauti, na umemgeuza muombaji mbele ya sikio lake mwenyewe. Atakachojibu nakijua kabla hajasema: "La, la, nilikuwa nakwambia tu ujue." Amefuta, kama Grice alivyosema atafuta, na hajadanganya. Paa litaendelea kuvuja na wewe utalala ukijiona ulijaribu.

Jibu zuri la kukubali halitaji ombi. Linaingia kwenye habari kutoka upande mwingine: "Basi fundi asiende Lamu kabla hajamaliza. Mimi naona kuhusu mawili." Umejibu kuhusu fundi na mabati. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyepewa, kazi tu imepangwa.

Na jibu zuri la kukataa lipo pia, tena ndilo lililonihusu, kwa sababu mwezi huo nilikuwa nadai watu watatu na hakuna aliyelipa. Nilisema: "Shangazi, huku kazi nimefanya lakini malipo hata moja halijaingia. Nilikuwa natarajia wiki iliyopita." Basi. Sikusema siwezi. Yeye akasema, "Usijali mwanangu, nilikuwa nakwambia tu," na safari hii maneno yaleyale yalikuwa mlango ambao sote tulitokea bila kuinama. Tuliongea dakika kumi zaidi kuhusu harusi ya mtu.

Jibu ambalo naliona ni kosa la kimaadili ni la tatu: "Pole sana shangazi. Mungu atasaidia." Linasikika laini kuliko yote. Na mtu wa "mimi si mganga" atakwambia halina ubaya, kwa kuwa hakuna alichoombwa.

Lakini fikiria ni nini kinahitajika ili mtu ajifanye hajaelewa. Lazima kwanza aelewe. Ndiyo maana hakosei njia. Anajua hasa neno la kuruka na swali la kutouliza. Yule jamaa hatumii mlango aliowekewa wa kukataa. Anatumia ustaarabu wa mwenzake kama ushahidi dhidi yake: hukusema, kwa hiyo sikusikia. Shangazi sasa ana njia mbili. Anyamaze bila kujua kama amekataliwa au hakueleweka, au arudie kwa maneno wazi, jambo ambalo mpangilio wote ule wa mabati na fundi ulikuwa wa kumwepusha nalo.

Kwa hiyo naona kuna madeni mawili na tunayachanganya. Deni la kutoa, hilo sikubali kwamba linazaliwa na dokezo. Mtu wa miaka 26 mwenye kazi ya vibarua hupata madokezo manne kwa wiki, na kama kila kuelewa kungekuwa kulipa, tungeacha kuelewa. Sentensi iliachwa wazi ili nafasi ya kukataa iwepo kweli. Lakini deni la kujibu linazaliwa palepale unapoelewa. Jibu linaweza kuwa la mafumbo kama swali lilivyokuwa, ila liwe la swali lile. "Tutaona" ni jibu kama pande zote mbili zinajua maana yake ni hapana. Likiacha mtu anasubiri mpaka Jumamosi, fundi akapanda basi, hilo si adabu.

Pingamizi lenye nguvu linatoka ndani ya Kiswahili chenyewe: mficha uchi hazai. Mwenye shida aseme. Na kweli kuna mambo ambayo dokezo halitoshi. Mtu akiwa hospitalini na daktari anasubiri, kuzungukazunguka ni hatari. Pia kuna vijana waliolelewa hapa mjini kwa Kiswahili cha maagizo, leta hiki, shika hapo, ambao kwa kweli hawasikii kilichoachwa. Kwao kosa halipo. Ila mtu huyohuyo ukimkuta anasoma "sawa" ya msichana mmoja kwa nusu saa, akitafuta kilichofichwa kwenye nukta, ujue masikio anayo.

Mpaka hapa nimezungumzia dokezo la aliye chini au aliye sawa nawe. Sarufi hiyohiyo ikitoka juu hubadilika kabisa. Askari anakusimamisha, anazunguka gari mara mbili, anaegemea dirisha: "Sasa kijana, tutafanya aje?" Nayo ni sentensi isiyokamilika. Nayo inaweza kukanwa. Lakini jiulize kukataa kunamgharimu nani. Shangazi nikimkatalia, hasara ni yake. Askari nikimkatalia, hasara ni yangu, na ukimya wake unamlinda yeye peke yake. Mlango wa nyuma haupo. Hapo sioni deni la kujibu kwa mafumbo. Kumalizia sentensi kwa sauti, jambo ambalo kwa shangazi lilikuwa ufidhuli, ndilo linalofaa: "Niandikie kosa, afande, nitaenda kortini." Sisemi ni rahisi. Saa tano usiku ukiwa peke yako barabarani ni ngumu sana.

Kwenye kazi yangu dokezo la juu lina sauti tamu zaidi. Mteja mmoja aliniandikia kwamba wanapenda sana maandishi yangu, wangefurahi sana nikiwafanyia makala tatu, "ila bajeti yetu kwa sasa, unajua…" Nukta tatu. Nilitakiwa niingize mguu wa pili mwenyewe: hakuna shida, nitaandika bure. Nikaandika: "Kwa hivyo mnaomba makala tatu bila malipo?"

Alikaa siku mbili. Kisha akajibu, hapana, hapana, hawakumaanisha hivyo kabisa, na akataja bei. Ilikuwa ndogo. Tulibishana juu yake wiki nzima.