Rangi ya Chungwa Iliyohama

Kamba ni ya katani, inavuka shamba kutoka ukingo hadi ukingo, na kila baada ya sentimita 30 ina fundo. Watu wawili wanaivuta ikakaza, wa tatu anafuata na jembe: penye fundo, shimo. Mstari ukiisha, kamba inasogezwa sentimita 60 na kazi inaanza upya. Ndiyo nafasi ya 60 kwa 30 ambayo sisi wa kilimo tumekuwa tukiihubiri kwa wakulima wa pamba wa Simiyu, badala ya ile waliyoizoea ya 90 kwa 40. Hesabu yake haina fumbo. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwa 90 kwa 40 unapata mashimo kama 11,200, kwa 60 kwa 30 unapata kama 22,500. Shamba lilelile, mashimo mara mbili.

Mwishoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya mbegu kuingia ardhini, nilipewa dakika kumi na tano mbele ya viongozi wa wilaya mojawapo ya mkoa wetu. Alikuwapo Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala, Mkurugenzi, wakuu wa idara na maafisa tarafa. Nilitakiwa kuomba fedha za kamba na za kuwapeleka maafisa ugani kwenye kata zote. Nilienda na chati tatu. Tarakimu nitakazozitaja hapa ni za mfano, nimezitengeneza ili hesabu ifuatike, lakini kosa ni langu na lilitokea hivihivi.

Chati ya kwanza ilikuwa na nguzo kumi, moja kwa kila kata, zikionyesha kilo za pamba kwa ekari. Kata tisa nilizipa kijivu. Ya kumi, iliyo upande mkavu na yenye kilo 180 tu, niliipa rangi ya chungwa. Nikasema: "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, naomba macho yaende kwenye chungwa. Hapa ndipo tunapoanguka." Macho yakaenda. Nilijisikia fundi.

Chati ya pili ilionyesha wakulima 40 tuliowafuatilia katika kila kata, wangapi wamepanda kwa nafasi ya zamani na wangapi kwa mpya. Wa zamani walikuwa bluu, wapya walikuwa chungwa. Kwa kuwa kamba za majaribio tulizipeleka kwanza kwenye kata ile kavu, ndiyo iliyokuwa na chungwa nyingi: wakulima 12, wakati kwingine kote walikuwa wawili au watatu. Chati ya tatu ilikuwa bajeti. Vifungu vingine vilikuwa kijivu, fedha za kamba zilikuwa chungwa.

Sasa kaa kwenye kiti cha Katibu Tawala. Umeambiwa chungwa ndipo tunapoanguka. Dakika tatu baadaye unaona chungwa imerundikana kwenye kata ileile iliyoanguka, na kando yake pameandikwa 60 kwa 30. Kisha unaona chungwa ya tatu, inaomba fedha. Aliuliza kwa upole kabisa: "Bwana kilimo, kwa hiyo unataka tuisambaze kata zote hii inayotuangusha?"

Nilijibu kwamba wakulima wale 12 ndio waliovuna vizuri, wastani wa kilo 310 kwa ekari, na wenzao 28 wa kata hiyohiyo ndio walioishia kilo 125. Ni kweli, na ndiyo iliyokuwa hoja yangu nzima. Lakini haikuwamo kwenye chati hata moja. Ilikuwa mdomoni mwangu tu, na mdomo wangu ulikuwa unashindana na rangi niliyoipaka mwenyewe. Mjumbe mmoja alifungua kabrasha kutafuta hizo 310 akazikosa. Kikao kiliamua tusubiri. Wiki iliyofuata barua ikashuka kwa watendaji wa kata: nafasi mpya isitishwe hadi ufafanuzi utakapotolewa. Pamba yetu hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba. Mvua haisubiri ufafanuzi.

Kwa siku kadhaa nililaumu watu. Baadaye nikaketi na kompyuta nikitafuta chungwa ile ya pili ilitoka wapi, maana sikukumbuka kuichagua. Kweli sikuichagua. Excel niliyokuwa nayo hupanga rangi yenyewe: kundi la kwanza la data linapata bluu, la pili chungwa, la tatu kijivu. Wakulima wa nafasi mpya walikuwa safu ya pili kwenye jedwali langu, basi wakavikwa chungwa. Ya chati ya kwanza niliipaka kwa mkono kwa maana ya "tatizo", ya pili ilijileta kwa maana ya "nafasi mpya", na ya tatu niliipaka nikimaanisha "naomba hiki". Rangi moja, maana tatu, na msikilizaji hana sababu ya kudhani imebadilika. Akishaona umeiteua rangi moja kati ya kijivu, ataibeba maana yake hadi slaidi ya mwisho.

Kabrasha nalo lilikuwa na balaa lake. Nakala tulizigawa za fotokopi, nyeusi na nyeupe. Chungwa ya Excel ni `#ED7D31`, kijivu chake ni `#A5A5A5`. Ukiondoa rangi ukabakiza mwanga tu, kwenye kipimo cha 0 hadi 255 chungwa inaangukia karibu 150 na kijivu 165. Kwenye karatasi ya mashine iliyochoka hizo ni rangi moja. Aliyekuwa anafuata kwenye kabrasha hakuona msisitizo wowote, aliona nguzo kumi za kijivu na mtu mbele anayesema "tazameni chungwa".

Nilipozijenga upya nilianza na sentensi, chati zikaja baadaye: *chungwa ni mkulima aliyepanda 60 kwa 30.* Niliiandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika chini ya kioo cha kompyuta. Kitu chochote ambacho si hicho hakikupata rangi, hata kama kilikuwa muhimu. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu kata kavu ilikuwa inalia ipakwe. Niliiacha kijivu, nikaandika jina lake kwa herufi nene, basi.

Chati ya kwanza ikawa kata kumi zote kijivu, na juu ya nguzo iliyo fupi kuliko zote kistari kimoja cha chungwa kwenye kilo 310. Kinamfanya mtu aulize: hao ni akina nani, katika kata hiyo? Chati ya pili inajibu. Ni kata ileile peke yake, wakulima 40, kila mmoja nukta yake, 28 kijivu na 12 chungwa. Nukta za chungwa zinakaa juu, na hakuna anayehitaji kuelezwa ufunguo kwa sababu rangi alishaijua kwenye slaidi iliyopita. Ya tatu ni shilingi kwa ekari, nguzo mbili tu, ya zamani kijivu na mpya chungwa. Kijivu nilikishusha hadi `#D9D9D9` na chungwa nikaikoleza hadi `#C55A11`. Bila rangi, moja inasoma 217 na nyingine kama 114, kwa hiyo fotokopi haiwezi kuzichanganya. Nilienda kuijaribu stendi ya Bariadi kwa shilingi chache kabla ya kuchapa nakala hata moja.

Mwenzangu alinishauri nitumie nyekundu ili ionekane vizuri. Nilikataa. Viongozi wetu wamezoea kadi alama za afya na lishe, ambapo nyekundu ni halmashauri iliyofeli. Ukipaka nyekundu kitu unachokisifu, unawalazimisha wasome kinyume cha walichofundishwa. Njano kwenye projekta ya ukumbi wenye madirisha wazi haionekani. Kijani na njano pamoja, kwenye kikao alichoalikwa katibu wa chama, kila mtu anajua zinasema nini, na si habari za pamba.

Lakini rangi inayoshika vizuri ina hatari nyingine, na hii niliiona usiku wa kuamkia kikao cha pili, mwezi Februari. Nilitazama zile nukta 12 juu na 28 chini nikahisi kesi imekwisha, na nikajishuku. Rangi ilikuwa inadai kwamba nafasi ndiyo sababu. Huenda waliopokea kamba ni walewale wanaonyunyizia dawa kwa wakati. Nikarudi kwenye madaftari ya ugani. Kati ya wale 12, waliokamilisha minyunyizio walikuwa 10. Kati ya wale 28, walikuwa 9 tu. Nikiwalinganisha waliokamilisha peke yao, kilo zilikuwa 320 kwa 220. Pengo la 185 likawa 100. Karibu nusu ya ushujaa wa chungwa yangu ilikuwa ya bomba la dawa.

Nilibadilisha chati ya pili usiku uleule: waliokamilisha dawa nukta zilizojaa, wasiokamilisha nukta tupu zenye mzingo tu, rangi zikibaki zilezile. Chati ya tatu ikahesabiwa kwa kilo 100. Kwa bei ya mfano ya shilingi 1,000, ni 100,000 kwa ekari, toa 45,000 za mbegu za ziada na vibarua wa kupanda na kupalilia, zinabaki 55,000. Mbele ya kikao nilisema hivi: "Mheshimiwa, mara iliyopita ningewaambia faida ni kilo 185. Si kweli. Nafasi inatupa 100, zilizobaki ni za dawa. Ninachoomba ni kwa ajili ya hizo 100." Katibu Tawala aliweka kidole kwenye nukta moja ya chungwa iliyokuwa tupu, chini kidogo ya wenzake, akauliza: "Huyu hakunyunyizia?" Nikamwambia hakukamilisha. Akaandika kitu pembeni mwa kabrasha lake. Hakuuliza tena rangi ina maana gani.

Fedha zilipita, kwa msimu ujao. Wa mwaka ule ulikuwa umeshapandwa kwa 90 kwa 40. Nilizunguka kata kavu kukusanya kamba za majaribio, na kwa mzee mmoja niliikuta nyuma ya zizi, amefungia ndama. Mafundo yote yalikuwapo. Nilipomwamkia na kumuuliza, hakuona haya.

"Mwanangu, barua yenu ilisema tuache," akasema. "Nikaona isioze bure."