Msaada Uliotangulia Pole

Kulikuwa na mtunza stoo mmoja jijini Tanga, aliyekaa miaka 11 kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Ijumaa moja alipewa barua ya kuachishwa kazi getini, mlinzi amemshikia begi lake. Nyumbani hakwenda. Alipitia karakana ya rafiki yake, fundi seremala.

"Kaka, barua nimepewa getini," akaanza. "Mbele ya vijana niliowafundisha kazi mwenyewe."

Fundi hakuuliza kulikoni. "Usijali, riziki haina mlango mmoja. Chukua bodaboda ya mkataba. Au lima matikiti, yanalipa. Hebu ngoja, shemeji yangu anatafuta mtu." Akapiga simu papo hapo, akafungua spika: "Shemeji, ninaye jamaa hapa, kafukuzwa kazi leo."

Mtunza stoo akanywea. Kila alichoambiwa alijibu, "Sawa, kaka," macho chini. Fundi akadhani amemtuliza. Kumbe mtu aliyekuwa akimwaga ya moyoni, akigeuka ghafla kujibu kwa neno moja, hajatulia, amezibwa mdomo.

Usiku ule shemeji alisimulia nyumbani kwake, na wa nyumbani wakawasimulia majirani. Mke wa mtunza stoo aliipata habari dukani, kabla mumewe hajapata ujasiri wa kumweleza. Tangu siku hiyo mtunza stoo hakukanyaga tena karakana.

Kubwa zaidi lilijulikana baada ya miezi miwili. Barua ilimtuhumu kwa upotevu wa saruji, na hakuwahi kuitwa ajieleze. Kwa sheria za kazi za Tanzania, anayeona ameachishwa isivyo haki hupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo zilikuwa zimekwisha. Ikabidi kwanza aombe kupokelewa nje ya muda na aeleze kwa nini amechelewa. Msaada aliouhitaji hasa ulikuwa umejificha ndani ya maneno ambayo fundi hakuyasubiri.

Fundi angesema tu, "Pole sana, ndugu yangu. Mbele ya vijana wako kabisa?" kisha akanyamaza, mwenzake angeendelea mwenyewe: tuhuma, saruji, hofu ya kumkabili mke. Maneno yakiisha, lingebaki swali moja: "Unataka tuwaze la kufanya, au leo tukae tu?" Akitaka kukaa, wakae. Siku 30 haziishi kwa usiku mmoja. Baada ya siku mbili tatu angeweza kumkumbusha tarehe na kumsindikiza Tume.

Basi, msomaji, mwenzako akikujia na kilio cha kazi, mpe pole, msikilize mpaka amalize, muulize anataka nini. Simu yako ibaki mfukoni hadi akuruhusu kuitoa.