Haki ya Kufuta

Mtu akionyeshwa picha ya anga iliyopigwa na mpenzi wa falaki kutoka uani kwake, mara nyingi huuliza kwanza: je, imehaririwa? Akijibiwa kwamba ndiyo, uso wake hubadilika kidogo, kana kwamba ameambiwa noti aliyoishika ni bandia. Nyuma ya swali lake mna imani kwamba kamera husema kweli ikiachwa peke yake, na kwamba mkono wa mwanadamu ukishaingia, uongo nao umeingia. Katika upigaji picha wa anga imani hiyo haisimami, kwani picha ghafi ndiyo iliyojaa mambo yasiyokuwako angani. Lakini hilo nalo halimpi mpigaji ruhusa ya kufuta atakacho. Basi kwa haki gani anafuta, na haki hiyo inakoma wapi?

Tuchukue Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake lenyewe latokana na kulima. Kwa macho matupu mtu huhesabu nyota sita au saba. Kamera ikiachwa wazi kwa dakika kadhaa huonyesha ukungu wa buluu unaozizunguka, nao ni vumbi la angani linaloakisi mwanga wa nyota hizo. Nje ya ukungu huo vumbi linaendelea, hafifu mno, likijaza eneo kubwa kuliko Kilimia chenyewe. Vumbi hilo la nje ndilo tunalolitafuta.

Tutumie namba za mfano. Katika picha moja ya sekunde 300, kila pikseli inapokea chembe 1000 za mwanga kutoka katika anga lenyewe, kwa kuwa anga la usiku halina giza totoro, na chembe 10 tu kutoka katika vumbi. Tunachokitafuta, basi, ni asilimia moja ya kile kinachokizunguka. Isitoshe, mwanga haufiki kwa mpangilio. Hufika kama matone ya mvua juu ya bati, mara mengi, mara machache. Penye wastani wa chembe 1000, hesabu ya pikseli moja hupanda na kushuka kwa kiasi cha 32 hivi, na hiyo ndiyo inayoonekana pichani kama chengachenga. Ishara ya 10 haiwezi kuonekana ndani ya mtikisiko wa 32.

Dawa yake ni kulimbikiza. Tukipiga picha 100 na kuzitafutia wastani, mtikisiko unapungua kwa kipeo cha pili cha 100, yaani mara kumi, na kubaki 3.2, ilhali vumbi linabaki 10. Sasa linaonekana. Hadi hapa hakuna aliyefuta chochote. Tumesubiri tu, na bahati nasibu imejifuta yenyewe.

Tatizo ni kwamba si makosa yote ya kamera ni ya bahati nasibu. Punje ya uchafu iliyokaa juu ya kioo kilicho mbele ya kihisi hutupa kivuli cha mviringo, nacho chaweza kupunguza mwanga kwa asilimia 5. Kivuli hicho kina kina cha chembe 50, mara tano ya vumbi la Kilimia, na kimo katika kila picha, mahali palepale. Wastani wa picha 100 haukipunguzi hata kidogo. Kwa kuwa chengachenga zimetulia, chaonekana wazi zaidi kuliko awali. Mashahidi mia waliochungulia kupitia dirisha moja lenye ufa wataafikiana wote kwamba ukuta wa jirani una ufa. Wingi wao unatukinga dhidi ya kusahau kwa mmoja au kusinzia kwa mwingine, lakini haututajii dirisha. Ili kulijua dirisha, lazima dirisha lenyewe lichunguzwe.

Kamera hukosea kwa namna mbili za kudumu. Kwanza, huongeza kisichokuwako. Kihisi huanza kuhesabu si kutoka sifuri bali kutoka kiwango kilichowekwa na watengenezaji, tuseme 500, na joto lake husukuma elektroni ambazo hazikuletwa na mwanga wowote. Pikseli nyingine zina uzembe wa pekee, nazo hung'aa kama nyota zisizo na jina. Pili, kamera hunyima kilichopo: pembe za picha hupata mwanga mdogo kuliko katikati, na vivuli vya uchafu hula sehemu yao.

Kosa la kwanza hupimwa kwa picha za giza. Mdomo wa darubini hufunikwa kabisa, kisha kamera hupiga kwa muda uleule wa sekunde 300, kwa mpangilio uleule na halijoto ileile. Halijoto si jambo dogo, kwani katika vihisi vingi elektroni za joto huongezeka maradufu kila nyuzi sita hivi za Selsiasi. Picha moja ya giza haitoshi, maana nayo ina chengachenga zake, na tukiitoa katika kila picha ya Kilimia, chenga hizohizo zitatiwa katika picha zote. Hupigwa thelathini au zaidi, ukatafutwa wastani wake.

Kosa la pili hupimwa kwa picha za mwanga sawia. Darubini hufunikwa kitambaa cheupe na kuelekezwa angani jua likishazama, au kwenye bamba linalong'aa sawasawa kote, na kamera hupiga hadi kufikia kama nusu ya uwezo wake. Mwanga ukiwa sawa, kila tofauti inayoonekana ni ya chombo. Kamera isizungushwe, fokasi isiguswe, na zaidi ya yote kioo kisipanguswe kabla ya picha hizi kupigwa. Anayesafisha uchafu kwanza anafukuza shahidi pekee aliyejua kivuli kilikaa wapi.

Kinachoongezwa hutolewa, kinachonyimwa hurekebishwa kwa kugawanya. Na utaratibu una mfuatano wake. Katikati ya picha kamera inasoma 500 yake yenyewe, 1000 ya anga na 10 ya vumbi: jumla 1510. Pembeni, ambako mwanga hufika kwa asilimia 80 tu, inasoma 500 pamoja na 808, yaani 1308. Mtu akitoa kwanza zile 500, anabaki na 808. Akigawanya kwa 0.8 anapata 1010, sawasawa na katikati baada ya kutoa 500 zake. Lakini akiruka hatua ya kwanza na kugawanya 1308 kwa 0.8, anapata 1635. Pembe iliyokuwa na giza sasa inang'aa kupita katikati, na mpigaji aweza kushangilia wingu ambalo halijawahi kuwako. Picha za mwanga sawia nazo hutolewa kiwango chao cha kuanzia kabla ya kutumiwa, kwa sababu hiyohiyo. Dalili za kosa zinajulikana. Kivuli cha uchafu kikigeuka duara ling'aalo, kutoa na kugawanya hakukwenda sawa. Kikiwa na ukingo mmoja mweupe na mwingine mweusi kama muhuri uliobonyezwa, basi uchafu au kamera ilisogea kati ya picha moja na nyingine.

Sasa turudi kwenye swali la haki. Tumetoa, tumegawanya, na kila namba iliyotoka kamerani imebadilika. Kwa nini huu si udanganyifu? Kwa sababu hakuna hata moja ya picha za giza au za mwanga sawia iliyokitazama Kilimia. Kipimo cha kosa kilipatikana kwa chombo chenyewe, bila kujali tulitaka kuona nini angani. Muuza mchele mwaminifu hukipima chombo kitupu kabla ya kukijaza, kisha akautoa uzito wake. Asipofanya hivyo, ndipo anapomwibia mnunuzi. Lakini anayeukadiria uzito wa chombo baada ya kuona mizani imesema nini, akijua ni kilo ngapi angependa zitimie, huyo ni mwizi hata kama makadirio yake yakiangukia ukweli. Tofauti ya wawili hao ni mahali ambapo kila mmoja ameitoa namba yake.

Na hapo ndipo mpaka ulipo. Baada ya hatua zote hizo, picha iliyopigwa karibu na mji bado ina mwanga wa taa za barabarani, mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili. Picha za mwanga sawia haziwezi kuuondoa, kwa kuwa si kosa la kamera; mwanga huo ulikuwako kweli. Programu za kuusawazisha humtaka mpigaji aonyeshe mahali ambapo anga ni tupu, kisha hutoa kila kitu kwa kipimo cha mahali hapo. Kuzunguka Kilimia karibu hakuna mahali patupu. Akiweka alama juu ya vumbi, vumbi linafutika. Akiyaepuka maeneo anayoyadhania kuwa ya vumbi, aweza kulichora bila kushika kalamu. Hapa hakimu anaandika hukumu huku akimtazama mshtakiwa usoni. Pengine hukumu ni sahihi, lakini ushahidi wake si wa aina ile ya kwanza, na msomaji wa picha anastahili kuambiwa.

Ugunduzi mmoja waonyesha namna ya kuvuka mahali hapo kwa heshima. Galaksi ya Andromeda imepigwa picha tangu karne ya 19, na ni miongoni mwa maeneo ya anga yanayopendwa sana na wapigaji wa uani. Hata hivyo, katika picha za mwaka 2022, wapenzi watatu wa falaki, Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner, waliona kando yake upinde hafifu wa mwanga wa oksijeni ambao haukuwa katika orodha yoyote. Shaka ya kwanza katika jambo kama hilo ni lazima iwe juu ya chombo: huenda ni mwako wa nyota uliorudishwa na vioo, au usawazishaji uliokwenda kombo. Picha za giza na za mwanga sawia zisingeweza kujibu yote hayo. Jibu lilitafutwa kwa darubini nyingine na kamera nyingine, na upinde ukaonekana palepale. Ugunduzi ulichapishwa Januari 2023. Dirisha likibadilishwa na ufa ukabaki, basi ufa ni wa ukuta.

Hata penye haki kamili kuna deni linalobaki. Ile pembe iliyopata chembe 808 ilikuwa na mtikisiko wa 28 hivi katika kila picha. Kugawanya kwa 0.8 kumeinua mng'ao hadi 1010, lakini kumeinua na mtikisiko hadi 35 na ushei, zaidi ya ule 32 wa katikati. Usahihishaji umesawazisha mng'ao. Mwanga uliopotea haukurudi. Pembe na katikati zinaonekana sawa, na bado tunaijua pembe kwa hakika ndogo zaidi. Jicho haliwezi kuitambua tofauti hiyo. Kwa hiyo picha za giza na za mwanga sawia zinapaswa kuhifadhiwa pamoja na picha ghafi, hata baada ya picha nzuri kutundikwa ukutani, ili mwingine akitilia shaka aweze kuanza upya kutoka 1308 na kuona mwenyewe nini kilitolewa, na kwa kipimo gani.